Pumzi ya Sentensi Ndefu: Namna ya Kuipima Tafsiri ya Riwaya ya Kifaransa

Ukiletewa riwaya ya Kifaransa iliyotiwa katika Kiswahili na ukaombwa useme kama kazi ni nzuri, usianze kwa kuwinda makosa ya maana. Hayo huonekana upesi, na hapa Kindu kila aliyesoma sekondari kwa Kifaransa anaweza kuyaokota. Kazi nyingi ninazowekewa mezani hazina makosa ya namna hiyo. Kila jambo lililosemwa na mwandishi limo, hakuna aya iliyorukwa, sarufi imenyooka. Ila ukisoma kurasa tatu unachoka usijue kwa nini. Flober, Prusti, Mudimbe, wote wamegeuka mtu mmoja anayeandika ripoti ya mkutano.

Mwongozo huu unahusu ugonjwa huo tu: mtindo uliobapwa. Na kwa kuwa ugonjwa huanzia kwenye sentensi ndefu, nitakaa zaidi hapo.

Sisi wa Maniema tuna shida yetu ya pekee. Kifaransa tulikutana nacho shuleni na ofisini, kikiwa kimeandikwa. Kiswahili tulikutana nacho jikoni, sokoni, kwenye kivuko cha Lualaba, kikiwa kinasemwa. Kijana anapoanza kutafsiri, moyoni mwake kuna imani asiyoitamka kwamba Kifaransa ndicho lugha ya sentensi ndefu na Kiswahili ni cha sentensi fupi. Basi anakata. Lakini miongoni mwa vitabu vya nathari vya zamani vinavyoisimulia nchi hii yetu kuna maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa na makao Kasongo, naye aliyaeleza kwa Kiswahili. Yalichapwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Mjerumani Heinrich Brode. Ukiyasoma unaona masimulizi yanayokwenda safari nzima kwa pumzi moja: kitendo kinafuatwa na kitendo kwa -ka-, kando yake kuna jambo linaloendelea kwa -ki-, kisha "hata" inafungua mlango mpya. Urefu si mgeni kwetu. Kinachotofautiana ni mahali pa viungo.

Hilo ndilo ninalolipima kwanza. Kifaransa huning'iniza vipande vya sentensi kwenye jina. Kinamtaja mtu, kinamtundikia kishazi, kwenye kishazi kuna jina jingine, nalo linatundikiwa chake, na kitenzi kikuu kinasubiri mbali huko. Kiswahili huviunga vipande kwenye kitenzi. Mtafsiri mzuri huvunja viungo vya Kifaransa na kuunga upya mahali ambapo lugha yetu hujikunja yenyewe. Mbaya hufanya moja kati ya mawili: ama anakata kila kiungo na kuacha vipande vimelala chini, ama anaviacha vyote mahali pake na kuvifunga kwa "ambaye" na "ambao".

Nitaonyesha kwa sentensi moja. Niliitunga kwa Kifaransa kwa ajili ya vijana sita wanaokuja kwangu Mikelenge kila Jumamosi. Ina maneno kama 70 na nukta moja tu mwishoni. Mjane yuko kwenye kivuko cha Alunguli, ng'ambo ya mji, anangoja mtumbwi avuke. Kwa mpangilio wa Kifaransa mambo yanafuatana hivi: kwanza anatajwa mjane, kisha kwamba tangu alfajiri anangoja mtumbwi, kisha kwamba mtumbwi umezuiwa na ukungu upande wa pili, ndipo kinakuja kitenzi kikuu, kwamba aliwatazama, bila kuwaona, wanawake wakiteremka majini na mabeseni, kisha kitenzi kikuu cha pili, kwamba aliwaza, na ndani ya kuwaza huko kuna vitu vitatu: kwamba mwanawe, kama alipanda treni jinsi alivyoandika, lazima amefika, kwamba atakuwa na njaa, kwamba pengine hataitambua nyumba, na nyumba hiyo ndiyo ile ambayo yeye mjane, mwaka aliokufa baba wa kijana, aliyatia madirisha yake rangi mpya.

Tafsiri ya kwanza niliyoletewa ilikuwa hii:

"Mjane alikuwa anangoja mtumbwi kwenye kivuko cha Alunguli tangu alfajiri. Ukungu ulikuwa umeuzuia mtumbwi ng'ambo. Alikuwa anawaangalia wanawake waliokuwa wanateremka mtoni na mabeseni yao, lakini hakuwa anawaona. Alikuwa anafikiri kwamba mtoto wake alikuwa amefika kama alipanda treni kama alivyoandika. Alifikiri kwamba atakuwa na njaa. Pia alifikiri kwamba labda hataitambua nyumba. Mwaka baba alipofariki alikuwa amepaka rangi madirisha yake."

Hakuna habari iliyopotea. Lakini hesabu "alikuwa": imo mara tano, na "alifikiri" imeongezwa pale ambapo mwandishi alitamka kuwaza mara moja tu. Hiyo ndiyo ishara ya kwanza ya kubapwa, nayo unaweza kuitambua hata bila kukiona Kifaransa. Kila kipande kimepewa kichwa chake, kwa hiyo kila kipande kinadai uzito sawa na mwenzake. Ukungu una uzito wa mtoto, mabeseni yana uzito wa kifo. Na tazama mwisho. Kwa Kifaransa madirisha yalikuja yamebebwa na hofu ya mama, kwamba mwanawe hataijua nyumba. Hapa yamesimama peke yake kama taarifa ya fundi.

Kijana wa pili aliogopa kukata, akafunga kila kitu: "Mjane ambaye alikuwa akingoja tangu alfajiri mtumbwi ambao ukungu ambao ulikuwa umetanda ulikuwa umeuzuia..." Nilimsimamisha hapo. Si kwamba "ambaye" ni neno baya. Mtu huweza kulitumia mara moja katika sentensi na likakaa vizuri, hasa pale unapotaka msomaji atue kidogo kabla ya habari nzito. Yakifuatana matatu, msomaji wa Kiswahili hajui tena nani anafanya nini. Katika mfano huu kuna mtego mwingine juu yake: mtumbwi na ukungu vyote viwili huchukua u-. "Ulikuwa umeuzuia" ni nani aliyemzuia mwenzake? Msomaji anarudi nyuma kuhakikisha, na akirudi tu, pumzi imekatika.

Tafsiri ya tatu ilipatikana baada ya Jumamosi mbili, na kijana aliyeileta aliniambia aliiandika akiwa ameifunga karatasi ya Kifaransa:

"Tangu alfajiri mjane alikuwa pale kivukoni Alunguli, akiungoja mtumbwi uliozuiwa na ukungu ng'ambo ya pili, akiwatazama asiwaone wanawake waliokuwa wakiteremka majini na mabeseni yao, na mwanawe, ikiwa treni aliipanda kweli kama alivyoandika, si atakuwa ameshafika, na njaa atakuwa nayo, na nyumba yenyewe huenda asiitambue tena, maana mwaka ule aliokufa baba mtu, yeye aliyatia madirisha rangi mpya."

Angalia jinsi viungo vilivyohama. "Alikuwa pale" imewekwa mwanzoni kama nanga, na baada yake -ki- inafanya kazi yote: akiungoja, akiwatazama. Kifaransa kilichelewesha kitenzi kikuu. Kiswahili kimekitanguliza, kisha kikaacha vitendo vingine vielee juu yake. Msomaji anasubiri vilevile, ila anasubiri kwa namna yetu. Lile fumbo la u- mbili limetatuliwa kwa "uliozuiwa na ukungu": mtumbwi unabaki mwenyewe wa kishazi na ukungu unakuwa mtenda aliyejificha. Na "akiwatazama asiwaone" imefanya kwa maneno mawili kile ambacho wa kwanza alikihitajia sentensi nzima yenye "lakini" ndani yake.

Hapa niseme jambo ambalo wenzangu wengi hulisahau wanapolalamika kwamba Kiswahili hakina vifaa. Ngeli zetu ni uzi ambao Kifaransa hakina. Mfaransa akitaja nyumba, treni na mtumbwi ndani ya sentensi moja ndefu, vyote vitatu kwake ni ama vya kike ama vya kiume, na ikimlazimu kuvirudia anatafuta maneno ya kuvitenga. Sisi tukisema "akiungoja", u- inaelekeza kidole. Mtafsiri hodari anapopanga sentensi ndefu huchagua majina kwa kuangalia ngeli zake, ili vitu viwili vinavyokaa karibu visigongane. Kama mtumbwi na mto vinavutana, anaweza kuandika "majini" badala ya "mtoni", na vita vimekwisha. Tunachokosa ni kile Mfaransa alicho nacho: "yeye" wake wa kiume na wa kike. Ukurasa wenye mwanamume na mwanamke wanaowazana bila kutajwa majina ni mgumu kwetu kweli, na tafsiri njema huonyesha mahali ilipolazimika kurudisha jina, "mama mtu", "kijana", bila kufanya kelele. Ukiona "yeye (mwanamke)" kwenye mabano, funga kitabu.

Nilimpa kijana yule mkono, kisha nikamwomba afute neno moja: "maana". Kifaransa hakikueleza sababu. Kilisema tu kwamba nyumba ile ndiyo ambayo madirisha yake yalitiwa rangi mwaka wa msiba. Msomaji anaachiwa aone mwenyewe mwanamke aliyefiwa akisimamia ndoo ya rangi kwa kuwa hakuwa na la kufanya na mikono yake. "Maana" inamwambia kwamba nyumba haitatambulika kwa sababu ya rangi, na kwisha. Neno dogo la kuunganisha linaweza kubapa kama kisu. Ndiyo sababu ninapokagua tafsiri hupitia ukurasa na kalamu nikizungushia kila "kwa hiyo", "hivyo basi", "maana", "lakini", kisha nalinganisha na asili. Ikiwa mtafsiri ameongeza matano katika ukurasa mmoja, huyo hamwamini msomaji wake. Kijana aliandika upya: "na nyumba yenyewe huenda asiitambue tena, ile nyumba ambayo madirisha yake, mwaka ule aliokufa baba mtu, yeye aliyatia rangi mpya." Hapa ndipo "ambayo" moja ilipopata mahali pake.

Kipimo changu cha pili ni nyakati za vitenzi, na hapa lazima ujue kidogo jinsi Mfaransa anavyosimulia. Ana wakati wa vitabuni, ambao hausikiki mdomoni mwa mtu, unaosema jambo lilitokea na likakamilika. Ana wakati mwingine usiokamilika, unaosema jambo lilikuwa likiendelea au likijirudia. Masimulizi ya zamani yamejengwa kwa kupishana kwa hizi mbili: mmoja unasimamisha picha, mwingine unasukuma hadithi mbele. Gustavu Flober aliutumia ule usiokamilika kwa kiasi ambacho Marseli Prusti, mwaka 1920, aliandika makala kuonyesha kwamba huko ndiko uliko upya wa mtindo wake.

Kwetu -ka- ndiyo msukuma hadithi. Akasimama, akafunga mlango, akaondoka: hadithi imetembea hatua tatu. Kwa hiyo fanya jaribio hili. Chukua ukurasa wenye maelezo marefu, tafuta mahali ambapo Mfaransa ametumia wakati wake wa vitabuni kwa mara ya kwanza baada ya picha iliyosimama, kisha tazama kama -ka- ya kwanza ya Kiswahili iko papo hapo. Ikiwa -ka- imeanza mistari sita kabla, mtafsiri ameiondoa meli bandarini kabla ya abiria kupanda. Ikiwa haipo kabisa, na kila kitu ni "alikuwa ana-", msomaji hatasikia ule mshtuko mdogo wa jambo kutokea. Na kwa mambo ya mazoea, yale ya kila asubuhi na kila Jumapili, tunayo hu-, ambayo vijana huiogopa kwa kudhani ni ya methali tu. Ukishaweka wazi kwamba tunazungumzia miaka ile, "Jumapili huvaa gauni lile lile, huenda misa ya kwanza, hurudi kwa njia ya reli" inasimama vizuri na inapunguza mzigo wa "alikuwa akivaa, alikuwa akienda".

Lakini usigeuze jambo hili kuwa sheria ya vitabu vyote, kwa maana kuna waandishi waliovunja nyakati hizo kwa makusudi. Mwaka 1942 Alberti Kamu alitoa riwaya yake ya mtu aliyeua ufukoni Aljeria, na akamfanya msimulizi atumie wakati uliopita wa mazungumzo, ule watu wanaousema barazani, mahali ambapo wengine wangeweka ule wa vitabuni. Jani-Poli Sartri aliona kwamba hapo kila sentensi imekaa kama kisiwa. Sasa mtafsiri wa Kiswahili mwenye sikio zuri la hadithi atataka kuziunga sentensi hizo kwa -ka-, kwa kuwa ndivyo bibi yake alivyosimulia. Akifanya hivyo amemharibu Kamu kwa uzuri. Pale ndipo -li- kavu inayorudi tena na tena, ileile niliyoilaumu kwa mjane wetu, inakuwa sahihi: Nilikula. Nililala. Niliamka saa tatu. Msomaji asisikie daraja baina ya visiwa. Kwa hiyo ukikuta sentensi fupifupi katika tafsiri, uliza kwanza ni za nani. Za mwandishi, ziache. Za mtafsiri, mrudishie kazi.

Kipimo cha tatu ni kigumu zaidi, nacho ni sauti. Katika riwaya za Kifaransa za tangu karne ya 19 mara nyingi husikii msimulizi peke yake wala mhusika peke yake. Unasikia wote wawili katika sentensi moja: nafsi ni "yeye", kama ya msimulizi, ila maneno, hasira na matumaini ni ya mhusika, wala hakuna "alisema" wala "aliwaza" inayokuonya. Jambo hili lilifika mahakamani. Januari 1857 Flober alishtakiwa kwa riwaya yake juu ya mke wa tabibu wa kijijini, na mwendesha mashtaka Ernesti Pinari alimsomea mashtaka mwandishi kwa mawazo ambayo yalikuwa ya yule mwanamke. Februari Flober aliachiwa huru.

Mtafsiri mwoga hufanya kazi ya Pinari. Anataka kujua kila neno ni la nani, basi anaweka "alifikiri kwamba" mbele ya kila wazo. Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Alifikiri kwamba maisha yake yalikuwa yameharibika na kwamba kesho hakungekuwa na mabadiliko." Ya pili: "Maisha yake ndiyo hayo basi, yameharibika, na kesho itakuwa ileile." Katika ya pili hakuna anayetangaza wazo, lakini "ndiyo hayo basi" haiwezi kutoka kwa msimulizi aliyetulia, ni pumzi ya mwanamke mwenyewe. Mfaransa alionyesha kwamba tumeingia kichwani mwake kwa kubaki katika wakati usiokamilika. Kiswahili huonyesha kwa kutoka kidogo katika -li- na kuingia -me- au -ta-, na kwa vineno vya mdomoni: si, basi, hivi, kumbe, jamani. Ndiyo kazi ya "si atakuwa ameshafika" katika sentensi ya mjane. Neno "aliwaza" limetoweka lote, na hakuna aliyelikosa.

Njia ya kuipima ni hii. Chukua sentensi unayoishuku, geuza "yeye" iwe "mimi", kisha jiulize kama mhusika huyo, wa umri huo na elimu hiyo, angeweza kuitamka. Ikiwezekana, sauti yake imo. Kisha uliza swali la pili, ambalo wengi hawafiki: je, imepangwa vizuri kidogo kuliko ambavyo angeipanga yeye? Inapaswa. Msimulizi bado yumo, anaishika sentensi kwa mkono. Tafsiri iliyojaa "jamani" na "kumbe" imemfukuza msimulizi na kuacha umbea.

Kuna mtego hapa unaowahusu hasa wanaosoma kati ya Kongo na pwani. Mtu wa Dar es Salaam akisoma "eti atarudi kesho" anasikia shaka, hata dhihaka: anasema atarudi, nani anamwamini? Mtu wa kwetu akisema "amesema ati atarudi kesho", "ati" yake mara nyingi ni "kwamba" tu, haina shaka yoyote. Nimekagua tafsiri ya kijana wa Kindu iliyotumia "ati" kuonyesha wazo la mhusika. Kwetu ilisomeka safi, lakini msomaji wa Tanzania angedhani msimulizi anamcheka yule mwanamke katika kila ukurasa. Flober ana dhihaka yake, ila iko mahali pake na kwa kiasi chake. Haifai kumpa ya bure.

Swali la Kiswahili kipi litaulizwa tu, nami nitalijibu kwa ufupi. Kwetu mtu husema "mutu mwenye alikuja" mahali ambapo kitabu kinaandika "mtu aliyekuja". Ikiwa msimulizi wa riwaya ni mtu wa vitabu, kama yule padri Pierre Landu katika riwaya ya Mudimbe ya mwaka 1973, ambaye anajichunguza kwa lugha ya seminari, basi "mwenye" ya kwetu itamvua kanzu. Ikiwa kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa kinachopiga kelele za baa na za wachimba madini, kama *Tram 83* ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotoka mwaka 2014, Kiswahili sanifu cha redio kitaipiga pasi mpaka isijulikane. Ninachokataa ni msimulizi anayehama nyumba: aya moja anasema kama mhariri wa Dodoma, inayofuata kama mpiga makasia wa Lualaba, bila sababu iliyomo katika kitabu.

Mwisho huja jaribio la sikio, nalo sifanyi mwenyewe. Flober alikuwa akizisoma sentensi zake kwa sauti kubwa nyumbani kwake Kruwase, na iliyomkwama kifuani aliiona mbovu. Mtafsiri hawezi kujitegemea hivyo, kwa sababu Kifaransa bado kinamlia kichwani na kinaziba mashimo. Anayesikiliza lazima awe mtu asiyejua Kifaransa na anayejua kusikiliza hadithi. Mimi namwendea mama mmoja jirani anayeuza samaki karibu na kivuko. Hukaa na beseni lake, mimi nasoma, wala simwambii natafuta nini. Natazama ni wapi anaacha kuparua magamba.

Niliposoma ile tafsiri ya kwanza ya mjane, aliendelea na samaki wake hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Halafu?" Alidhani hadithi bado haijaanza. Wiki iliyofuata nilimsomea ya tatu, ile iliyokwisha kufutwa "maana". Kisu kilisimama kwenye "si atakuwa ameshafika", na hakikurudi kazini hadi nilipofika nukta. Alikaa kimya kidogo.

"Mwalimu," akasema, "alipaka rangi gani?"

Kifaransa hakikusema. Nilimwambia sijui, naye akasema lazima ilikuwa buluu, kwa sababu buluu ndiyo iliyokuwa ikipatikana kwa bei nafuu.